Barua kwa Msimamizi wa Wadi: Ombi la Kunusuru Mizinga ya Nyuki Wakati wa Kupuliza Dawa

Kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke,
Jilore, Malindi.

14 Julai 2025

Kwa Msimamizi wa Wadi ya Jilore,
Serikali ya Kaunti ya Kilifi,
Malindi.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUPANGA UPULIZAJI WA DAWA ILI NYUKI WASIDHURIKE

Pokea salamu zangu na za wafugaji nyuki wenzangu wa upande huu wa msitu.

Katika baraza la juzi tuliambiwa kuwa dawa itaanza kupulizwa kwenye miembe na mikorosho mwezi ujao, kisha zamu ya mashamba ya matikiti kandokando ya mto Sabaki. Sipingi mpango huo. Mimi pia nina miembe, na najua hasara ya kuona maua yamenyauka yakapukutika kabla ya kushika tunda. Ninachoomba ni kwamba dawa ya kuua wadudu isipulizwe mchana maua yakiwa yamechanua, isipulizwe karibu na mizinga, na wenye mizinga tupate habari mapema.

Msimu uliopita, shamba moja la jirani, ambalo sitalitaja kwa kuwa mwenyewe hakukusudia ubaya, liliajiri vijana wenye mabomba ya mgongoni. Walianza saa nne asubuhi, miembe imejaa maua na nyuki wako kazini. Alasiri nilikuta nyuki wametapakaa chini ya mizinga yangu. Wengine walikuwa wamekufa ndimi zimetoka nje, wengine wakijikokota majanini wakizunguka pale pale, hawawezi kuruka. Nilikuwa na mizinga 14 yenye nyuki. Mwezi ule haukuisha, saba ikawa mitupu.

Mtu huuliza: ikiwa waliokufa ni wale waliotoka, mbona mzinga mzima unakwisha? Sababu ni kwamba wanaotoka kutafuta chakula ni nyuki wakubwa, ambao wamekwisha maliza kazi za ndani. Wakifa wote kwa siku moja, mzinga unabaki na malkia, watoto ndani ya masega na nyuki wachanga ambao bado hawajaanza kutoka. Toka yai litagwe hadi nyuki kibarua atoke ni karibu wiki tatu, na huchukua wiki nyingine kadhaa kabla hajaanza kwenda mauani. Muda wote huo nani ataleta maji, nani ataleta chavua? Na wale waliowahi kurudi na chavua yenye sumu wameihifadhi kwenye masega, watoto wanalishwa hiyo. Hao waliobaki, kwa tabia ya nyuki wetu wa pwani, wakiona mambo yameharibika huhama.

Kwa hiyo saa ya kupuliza ndilo jambo kubwa kuliko yote. Nyuki hutoka alfajiri mwanga unapoanza, na huwa wamerudi wote magharibi. Ikiwa lazima dawa ipulizwe, ipulizwe kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Hapo inapata usiku mzima wa kukauka, na upepo pia mara nyingi huwa umetulia. Asubuhi na mapema haifai, ingawa vijana wengi huipenda kwa sababu ya ubaridi, kwani jua likichomoza nyuki wanaikuta dawa bado mbichi. Afadhali zaidi ni kupuliza kabla maua hayajafunguka, au kungoja matunda yashike.

Halafu kuna upepo. Sasa ni msimu wa kusi, na dawa ikipulizwa upepo ukiwa na nguvu haibaki shambani, inasukumwa kuelekea kaskazini, yaani upande wa mtoni. Mizinga ya wenzetu walio karibu na Sabaki ndiyo inayoumia kipindi hiki. Ukiingia kaskazi mambo yanageuka, inatuangukia sisi wa ukingoni mwa msitu. Naomba basi ofisi yako iagize kwamba paachwe angalau hatua 300 bila dawa kuzunguka mizinga, na zaidi kwa mizinga iliyo upande upepo unakoelekea. Tunajua nafasi hiyo peke yake haitoshi, maana nyuki huruka kilomita 2 au 3 kutafuta chakula, na ndiyo maana nimetanguliza suala la saa.

Tumeambiwa pia kwamba tungeweza tu kufunga mizinga siku ya dawa. Mheshimiwa, kwa joto letu, mzinga uliofungwa mchana kutwa ni mauti. Nyuki hujazana mlangoni, masega yanalainika na kuanguka, na mzinga mzima unakosa hewa. Tunaweza kuufunga usiku na kuufunika kwa magunia yaliyoloweshwa hadi asubuhi kidogo, basi. Kuhamisha nako si rahisi. Mizinga ya magogo imetundikwa juu ya miti, na ukiupeleka mzinga karibu, nyuki wanarudi pale ulipokuwa. Hata hivyo, tukiarifiwa siku tatu kabla, kila mtu atafanya analoweza. Taarifa ipitie kwa wazee wa mitaa na misikitini na makanisani, kwa sababu si kila mfugaji ana simu.

Kuhusu dawa zenyewe, sisemi zote ni sawa. Salfa inayopigwa kwenye mikorosho kwa ajili ya ukungu siyo ninayoiogopa zaidi. Hofu yangu ni dawa za kuua wadudu, hasa za unga, kwa sababu unga unaganda kwenye manyoya ya nyuki na anaubeba hadi ndani kama chavua. Chupa nyingi zimeandikwa wazi kwamba dawa ni hatari kwa nyuki. Naomba wapulizaji wasomewe maandishi hayo kabla ya kupewa mabomba, na wakatazwe kabisa kuoshea vyombo katika Ziwa Jilore au mtoni. Nyuki wanakunywa huko, na mifugo na watoto wetu pia.

Wenye matikiti nao wana haja na nyuki hawa. Tikiti lina ua dume na ua jike mbali mbali, na bila mdudu wa kubeba chavua ua jike haliwezi kuzaa. Likitembelewa mara chache, tunda linatoka limepinda. Mkulima akiua nyuki akitafuta mavuno, anayapunguza mwenyewe.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kilimo na ufugaji viko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo nimeona hapa ndipo mahali pa kuleta ombi langu. Asali imetulipia karo, na imetupa njia ya kula kutokana na msitu bila kukata mti.

Nimezunguka kwa wenzangu nikaandika kila mahali penye mizinga na jina la mwenye nayo. Orodha hiyo naiambatisha. Naomba wapulizaji wapewe kabla ya kuanza, na naomba utuite pamoja nao na afisa wa kilimo kabla ya mwisho wa mwezi huu ili tukubaliane siku na saa. Niko tayari kutembea nao shamba kwa shamba kuwaonyesha mizinga ilipo, maana mingine imo ndani ya matawi na mgeni hawezi kuiona.

Wako mtiifu,

Mzee Karisa,
Mfugaji nyuki, kwa niaba ya wafugaji wa Jilore.

Nakala: Chifu, Jilore
Afisa wa Kilimo wa Wadi