Fungu Moja Ni Vijiti Vitano: Karatasi ya Kazi ya Vijiti na Jedwali la Marudio

Hisabati, Gredi ya 3. Muda: dakika 40. Andika majibu yote kwenye daftari lako. Karatasi hii usiichore, darasa lingine litaitumia baada yenu.

Soma kwanza

Ukienda Marikiti kununua ndimu, muuzaji hakuhesabii moja moja. Amezipanga kwa mafungu, nawe unahesabu mafungu. Vijiti vya hesabu tunavipanga vivyo hivyo: kila kitu kimoja unachokiona, unapiga kijiti kimoja. Vikifika vinne, kijiti cha tano hakisimami. Kinalala juu ya vile vinne na kuvifunga. Hilo ndilo fungu.

Kwenye karatasi hii, kijiti kinachofunga kimechapwa kwa kuinama mwishoni, hivi: ||||/ 
Kwenye daftari lako kipitishe juu ya vile vinne, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Kijiti kilicholala nacho kinahesabiwa! Hapa ndipo wengi huteleza. Zifikirie zile pembe za ndovu za Moi Avenue, Mombasa. Ziko nne, zote zimesimama. Ukipitisha kamba moja juu yake, una vitu vingapi? Pembe nne na kamba moja: vitano.

Kwa hiyo unahesabu mafungu kwa tano tano, kisha unaongeza vijiti vilivyobaki:

||||/ ||||/ ||||/ || → 5, 10, 15, halafu 16, 17.

Jibu ni 17. Namba hiyo inaitwa marudio, maana inaonyesha kitu kimetokea mara ngapi. Jedwali lenye namba hizo ni jedwali la marudio.

Zoezi la 1: Meza ya viazi karai

Saa kumi alasiri, Mwanaisha alikaa karibu na meza ya nyanya yake, nje ya nyumba yao huko Majengo. Kila mteja alinunua aina moja tu, na Mwanaisha akampigia kijiti kimoja.

Viazi karai: ||||/ ||||/ ||||/ |||
Bajia: ||||/ ||||/ ||
Kachri: ||||/ ||||/
Mihogo ya kukaanga: ||||/ ||||
Kaimati: ||||

a) Chora jedwali la marudio lenye safu tatu: Chakula, Vijiti, Marudio. Lijaze lote.
b) Kachri na mihogo zina vijiti vinavyokaribia kulingana. Ipi ina wateja zaidi, na kwa wangapi?
c) Kaimati ina vijiti vinne. Je, hilo ni fungu? Andika ndiyo au la, kisha useme kwa nini.
d) Wateja wote walikuwa wangapi?

Zoezi la 2: Mbele ya lango

Kazungu na dada yake walisimama ndani ya lango la shule wakitazama barabarani. Dada alikuwa akitaja kila kilichopita, na Kazungu akiandika. Aliandika maneno badala ya vijiti, mkono ukamchoka. Msaidie.

tuktuk, matatu, bodaboda, tuktuk, tuktuk, gari dogo, bodaboda, mkokoteni, tuktuk, matatu, bodaboda, tuktuk, tuktuk, bodaboda, matatu, tuktuk, gari dogo, bodaboda, tuktuk, bodaboda, mkokoteni, tuktuk, matatu, tuktuk, bodaboda, gari dogo, tuktuk, matatu

Pitia orodha mara moja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisoma neno, piga kijiti chake, weka kidole kwenye neno linalofuata. Ukiamua kutafuta tuktuk zote kwanza, kisha matatu zote, utapitia orodha mara tano na utaruka moja.

a) Chora vijiti na uandike marudio ya kila chombo.
b) Chombo gani kina fungu moja kamili, bila kijiti cha ziada?
c) Jumlisha marudio yote. Kisha hesabu maneno yaliyo kwenye orodha. Namba hizo mbili zikitofautiana, rudi kwenye vijiti vyako.

Zoezi la 3: Mtafute aliyekosea

Usikimbilie zoezi hili. Juma alikwenda ufuoni wavuvi walipopandisha samaki. Alichora vijiti, kisha akaandika marudio. Baadhi ya mistari ina makosa. Wakati mwingine amehesabu vibaya, na wakati mwingine fungu lenyewe amelichora vibaya.

Changu: ||||/ ||||/ || Juma aliandika 10
Tafi: ||||/ |||| Juma aliandika 10
Kolekole: |||||/ || Juma aliandika 7
Chewa: ||||/ | Juma aliandika 6
Nguru: |||/ Juma aliandika 5

Kila kijiti alichopiga Juma ni samaki mmoja wa kweli. Kwa hiyo fungu likiwa na sura mbaya, hesabu vijiti vyake kimoja kimoja.

a) Mstari upi uko sahihi?
b) Kwa kila mstari wenye kosa, andika sentensi moja ya kumweleza Juma alichokosea.
c) Chora upya vijiti vya kolekole na nguru kwa mafungu yaliyo sawa.
d) Jumla ya Juma ni ngapi? Jumla ya kweli ni ngapi?

Zoezi la 4: Kutoka namba hadi vijiti

Chora vijiti vya 5, 13, 20 na 24. Kisha jibu: mafungu 6 na vijiti 3 ni ngapi?

Kazi ya nyumbani

Hesabu viatu vilivyoachwa mlangoni kwenu jioni: ndara, makubadhi, raba, viatu vya shule. Kila jozi ni kijiti kimoja. Kiatu kilichopoteza mwenzake usikihesabu, kitafutie mwenzake kwanza. Siku ukiwa na wageni ndiyo nzuri zaidi. Leta jedwali lako kesho.

Majibu (ya mwalimu na mzazi)

Zoezi la 1: a) viazi karai 18, bajia 12, kachri 10, mihogo 9, kaimati 4. b) Kachri, kwa mteja 1. c) La, hakuna kijiti cha tano kilichovifunga vile vinne. d) 53. Mtoto akileta viazi karai 15 na bajia 10, anahesabu fungu kuwa 4. Mpe njiti za kiberiti afunge fungu kwa mkono wake, halafu alifungue na kuhesabu tena.

Zoezi la 2: a) tuktuk 11, bodaboda 7, matatu 5, gari dogo 3, mkokoteni 2. b) Matatu. c) 28.

Zoezi la 3: a) Chewa. b) Changu ni 12, Juma alihesabu fungu kuwa 4. Tafi ni 9, vijiti vinne vya mwisho havijafungwa, yeye akavifanya 5. Kolekole ni 8, alisimamisha vijiti vitano ndipo akafunga, kwa hiyo fungu lile lina 6. Nguru ni 4, alifunga mapema, juu ya vitatu. c) Kolekole ||||/ ||| na nguru ||||. d) Juma 38, kweli 39. Mwonyeshe mtoto hapa: mistari minne ina kosa, lakini jumla imepungua kwa 1 tu, kwa sababu makosa mengine yaliongeza na mengine yakapunguza. Jumla pekee isingemfichua Juma.

Zoezi la 4: 5 ni ||||/ na 13 ni ||||/ ||||/ |||. 20 ni mafungu 4 bila kijiti cha ziada, 24 ni mafungu 4 na vijiti 4. Mafungu 6 na vijiti 3 ni 33.