Maneno ya Kubandika Ndani ya Daftari

Mwanangu, mama yako amenipigia akinong'ona. Anasema leo siku ya nne hujala vizuri, na yule kijana wa kidato cha nne amekuandikia "tubaki marafiki tu." Sikupigii, maana utasema "nipo sawa shangazi" halafu tutaanza kuongelea mvua. Nimeyaandika haya kidogo kidogo jikoni. Soma moja, funga daftari. Si ya kukariri.

Kinachouma kinauma, hakiulizi umri.

Miaka 16 si michache kwa aliyeiishi yote.

Watakuambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli. Lakini koleo likivunjika leo, mhunzi ana haki ya kukaa chini leo na kulitazama.

Wewe ulipima kwa sado, yeye alipima kwa kikombe. Hakuna aliyeiba; vipimo havikulingana. (Hili limenijia Mwanjelwa nikinunua maharage, usinicheke.)

Ulipenda, hukukosea. Kupenda si kosa hata kama kumeishia pabaya.

Ukitaka kulia, lia. Huku Tukuyu tunanyeshewa karibu mwaka mzima, na chai inachumwa vilevile.

Jiko la mkaa huonekana limezimika. Usilijaribu kwa kidole. Na picha zake kwenye simu ni hivyohivyo. Alikuwa hewani saa ngapi, nani kamwekea kopa, hayo ni makaa.

Meseji alizokuandikia akikuamini, usizisambaze. Akisambaza zako, aibu ni yake. Nawe usijitafutie ya kwako.

Kituo cha Kabwe si mali yake. Ila wiki hii ukitaka kupandia Mafiati, pandia Mafiati. Kuzunguka si kukimbia.

Jani limeungua, using'oe shina.

Hili nikueleze lilikotoka. Nilipokuwa naishi Makete nililima kinyungu cha viazi bondeni, na asubuhi moja ya Julai niliamka nikakuta umande umeganda, shamba jeupe kama limemwagiwa chumvi. Jua lilipopanda, majani yote yakawa meusi, yamelegea kama mboga iliyopitiwa na maji ya moto. Nilichukua jembe ning'oe yote. Bibi wa jirani akanikataza. Akasema jani ndilo limeungua, huko chini hujatazama. Sikumwamini, ila nilikuwa nimechoka, nikaliacha. Wiki kadhaa baadaye yakachipua kutoka chini. Sitakudanganya kwamba nilivuna sana. Mwaka ule viazi vilikuwa vidogo na magunia yalikuwa machache. Lakini tulikula viazi.

Usiseme "sitapenda tena." Sema "leo siwezi." Hilo la pili unaweza kulisimamia.

Hesabu haina huruma, lakini pia haina umbea. Kuna siku utaipenda kwa hilo tu.

Rafiki anayesikiliza hadithi ileile mara ya tatu bila kutazama simu yake, huyo mshike. Anayetaka kujua zaidi kila dakika, huyo anakusanya.

Kama atapita na mwingine mbele yako, salimia kama kawaida na upite. Magoti yakitetemeka, yatetemeke. Sketi ya shule ni ndefu, hakuna atakayeona.

Hukuachwa kwa sababu ya weusi wako, wala unene, wala sauti. Nimeandika hili kwa sababu najua ndilo unalojiuliza mbele ya kioo. Mtu huacha kwa sababu zake, na mara nyingi hata yeye hazijui vizuri.

Zawadi yake usiichome, usiivae. Ifunge kwenye mfuko, mpe mama akuwekee juu ya kabati. Ukiikumbuka mwakani, utaamua.

Mama yako akinyamaza, si kwamba haelewi. Anaelewa mpaka anaogopa kukosea neno.

Siku moja utapita njia mliyokuwa mnapita ukitoka tuisheni, ukikaribia nyumbani ndipo utakumbuka kwamba hukukumbuka. Usiisubiri siku hiyo kama basi. Yenyewe haina ratiba.

Na hili si msemo, ni agizo: usiku ukiwa mrefu mpaka ukaona heri kusipambazuke, niamshe. Iwe saa nane, iwe saa tisa. Usianze na "samahani shangazi kwa kukusumbua." Sema tu "ni mimi." Nikichelewa kupokea, ingia chumbani kwa mama yako na umwamshe.

Jumamosi nakuja na gari la kwanza. Ukitaka kuongea tutaongea. Usipotaka, nakuja na mkungu mzima wa ndizi wa kumenya, na kisu cha mama yako nakijua, hakikati.