Ombi la kuunganisha mizigo mitano midogo kwenye kontena moja kutoka Nansha, ratiba ya meli na mgawanyo wa gharama

Dodoma, 8 Septemba 2025

Kaka Hamisi,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Nakuandikia kwa niaba ya wenzangu wanne wa hapa Soko la Majengo, kama tulivyoongea kwa simu juzi. Kila mmoja wetu ana mzigo mdogo Guangzhou, na safari hii tumechoka kutuma kila mtu kivyake na kulipia hati na kutolewa mzigo mara tano. Tunaomba utukusanyie yote kwenye kontena moja la futi 20 kupitia bandari ya Nansha.

Mizigo, kwa vipimo tulivyopewa na wauzaji, ni hii. Sufuria na hotpoti zangu ni mita za ujazo 6.2, kilo 1,150. Vitenge na mapazia vya Mama Rehema ni 5.4, kilo 1,620. Baba Joni ana vipuri vya pikipiki, 3.1 tu lakini kilo 2,900. Taa za sola za Shabani ni 4.8, kilo 980. Ndala za Bi Mwajuma ni 7.5, kilo 1,300. Jumla mita 27 na kilo 7,950. Uzito haunitishi, nafasi ndiyo inayonitisha: kontena la futi 20 lina kama mita 33 kwenye karatasi, lakini maboksi hayajazi kila kona. Naomba watu wako wa ghala la huko wapime upya kila mzigo unapofika, maana muuzaji wa ndala ameshawahi kutupunja vipimo. Ikizidi, ndala zipunguzwe kwanza. Bi Mwajuma mwenyewe ameridhia.

Vipuri vikae chini kabisa. Mwaka jana, kwa wakala mwingine, boksi zangu za hotpoti ziliwekwa chini ya vyuma, na nikafungua dukani vifuniko vimepinda kama masahani. Niliziuza kwa hasara, moja moja.

Sola za Shabani zina betri za lithiamu ndani. Nakuambia mapema zitangazwe kama mzigo hatari na tujue kama kampuni ya meli inazikubali pamoja na bidhaa nyingine. Kama hawazikubali, toa hizo tu. Usizuie za wengine.

Kuhusu meli: Wachina wanafunga kwa sikukuu ya taifa kuanzia tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo tunataka kupakia kabla. Tuandikie jina la meli, tarehe ya kuondoka Nansha, siku ya mwisho ya ghala kupokea mizigo, na tarehe ya kutia nanga Dar. Tujulishe pia kama kontena litahamishiwa meli nyingine njiani na wapi, kwa sababu hapo ndipo ahadi huyeyuka. Lengo letu mzigo uwe madukani mwanzoni mwa Desemba, kabla ya Krismasi. Mzigo wa Januari hautusaidii.

Hati ya shehena naomba iwe moja ya jumla kwa jina lako, na chini yake kila mmoja apate yake kwa TIN yake. Tukiunganisha yote kwenye TIN yangu, TRA wataona nimeagiza bidhaa za watu watano. Kila mmoja atalipa ushuru wake mwenyewe, na vyeti vya ukaguzi vya TBS kwa bidhaa zinazohusika tutakutumia kabla ya kupakia.

Gharama tumekubaliana hivi: nauli ya meli na kufungua kontena Dar igawanywe kwa mita za ujazo, ada za hati tugawane sawa kwa sawa, watu watano. Lori la Dar hadi Dodoma ndilo lililotukorofisha. Baba Joni anataka mita, ambazo zingemfanya alipe karibu asilimia 11.5, kwa kilo analipa zaidi ya theluthi. Tumeamua kilo, naye ameguna lakini amekubali. Tukipitisha tarehe ya bure ghalani, faini ailipe aliyechelewesha nyaraka zake, si sote.

Naomba jedwali la bei likionyesha kila mtu fungu lake, kwa shilingi, kwa sababu tangu Machi 2025 kanuni haziruhusu kutozana dola humu nchini. Onyesha pia kinachobadilika mtu akijitoa. Sisi tumeweka 200,000 kila mmoja kama amana. Atakayejitoa baada ya ghala kufunga kupokea, haipati.

Ukiweza kunijibu kabla ya Ijumaa tarehe 12, nitawakusanya dukani kwangu jioni hiyo na kukuthibitishia Jumamosi. Nipigie ukihitaji picha za alama za maboksi; kila mmoja ana rangi yake: nyekundu, kijani, bluu, njano, na nyeusi ya Baba Joni.

Wako katika biashara,
Mama Neema
Kwa niaba ya wafanyabiashara watano, Soko la Majengo, Dodoma