Barua ya Maombi ya Kazi ya Mpangaji Msaidizi wa Usafirishaji wa Mizigo

Neema Sanga,
Makambako,
NJOMBE.

14 Julai 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Kampuni ya Usafirishaji wa Mizigo,
Iyunga,
MBEYA.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MPANGAJI MSAIDIZI WA USAFIRISHAJI WA MIZIGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 25, mhitimu wa shahada ya usafirishaji na ugavi kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, mwaka 2024. Naomba nafasi mliyoitangaza.

Nimekulia Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kwa hiyo malori nimeyazoea kabla sijajua kuna shahada yake. Lakini kupanga mzigo nilijifunzia kwenye mafunzo kwa vitendo, na kwa kosa langu mwenyewe. Nilipewa kupanga viazi vya Njombe kwenda Dar es Salaam kwa semi ya ekseli 6. Nikaandika magunia 280, kilo 100 kila moja, tani 28. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri. Mizani ikatugomea. Magunia yalikuwa lumbesa. Tulipopima 10 kati ya hayo, wastani ukawa kilo 118. Maana yake gari lilibeba tani 5 zaidi ya nilizoandika. Dereva alilala barabarani tukitafuta fuso la kupunguzia mzigo, na viazi, kama mjuavyo, havisubiri.

Tangu siku hiyo sikupanga tena kwa idadi ya magunia. Nilimwomba msimamizi tuwe tunapima magunia 10 shambani kabla ya kupakia, na nikatengeneza jedwali la Excel linalokadiria uzito kwa kila kundi la ekseli, si jumla peke yake, kwa sababu gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwa ekseli ya nyuma. Jedwali hilo liliendelea kutumika hadi nilipomaliza mafunzo. Naweza kuja nalo kwenye usaili.

Jambo jingine ninalolifuatilia ni gari kurudi tupu. Lori linaloshusha saruji au mbolea Mbeya lina mchele wa Mbarali na mbao za Mafinga njiani wakati wa kurudi, ilimradi mtu apige simu mapema, si dereva akiwa ameshafika Uyole.

Nyaraka za forodha za Tunduma na Kasumulu nimezisoma darasani tu. Sijawahi kuvusha mzigo. Hapo nitahitaji kufundishwa. Zamu za usiku naziweza, na Kiingereza naandika na kuongea vizuri.

Nimeambatisha wasifu wangu wenye namba ya simu na majina ya wadhamini, pamoja na nakala za vyeti. Naweza kuanza kazi tarehe 1 Agosti, na kwa usaili nitafika Mbeya siku yoyote mtakayonipangia.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

Neema Sanga