Tangazo kwa Wafanyakazi: Bajeti ya Mwaka 2026/2027 Imepungua

Ujumbe wa simu, meneja kwa msaidizi wake, usiku wa Jumanne tarehe 5 Mei

Saa 4:12. Maalim, umelala? Barua ya mfadhili nimeisoma mara ya tatu. Asilimia 30 ni asilimia 30, haina tafsiri nyengine.

Saa 4:15. Milioni 108. Tutazitoa wapi? Hata nikikata warsha zote na safari zote hazifiki.

Saa 4:21. Dereva leo kaniuliza kama gari inauzwa. Nimebabaika, nimemwambia "tutaona". Kesho ofisi nzima itakuwa inazungumza hilo.

Saa 4:30. Nafikiri tunyamaze mpaka baada ya Iddi. Watu wana watoto wa kuvisha. Au niseme kila kitu kiko sawa, Juni ikifika nitajua la kufanya.

Saa 4:34. Hapana, lifute hilo. Wakija kujua Juni hawataniamini tena, na watakuwa na haki.

Saa 4:41. Wale vijana wawili wa mafunzo ndio wananiumiza roho. Mmoja mkewe karibu kujifungua. Nitawaambia mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya mtu mwengine yeyote.

Saa 4:50. Posho yangu ya madaraka iondoke yote. Siwezi kusimama mbele ya watu nayo.

Saa 5:02. Nisaidie, Maalim. Haya yote niliyoandika ni hofu tu. Mtu anataka kujua mshahara unaingia lini, nani anaondoka, gari ipi inabaki. Tuyapange hivyo.

TANGAZO

Chake Chake, Pemba
Jumatatu, 11 Mei 2026

Kwa: Wafanyakazi wote, ofisi za Chake Chake na Micheweni
Yah: Kupungua kwa bajeti kuanzia tarehe 1 Julai 2026

Ndugu wafanyakazi wenzangu,

Assalaam alaykum.

Tarehe 28 Aprili tulipokea barua ya mfadhili wetu mkuu ikitujulisha kwamba mchango wake wa mwaka ujao wa fedha utakuwa shilingi milioni 252 badala ya milioni 360. Pungufu ni milioni 108. Mfadhili wa pili amebaki na milioni 90 zake, na mapato yetu wenyewe ya sabuni ya mwani na ada za mafunzo tumeyakadiria kwa milioni 36 kama mwaka huu. Kwa hiyo bajeti yote ya taasisi inashuka kutoka milioni 486 hadi milioni 378. Bodi ilikutana Alhamisi tarehe 7 Mei na kuyapitisha yote yaliyomo katika tangazo hili.

Naanza na lililo zito. Mikataba miwili ya maafisa wa mafunzo, inayomalizika tarehe 30 Juni, haitaongezwa. Wenzetu hao nilizungumza nao ana kwa ana Ijumaa asubuhi, kabla ya tangazo hili kuandikwa. Uamuzi huu hautokani na kosa lolote walilofanya wala na kiwango cha kazi yao. Nafasi zao zililipwa na fungu la mafunzo, na fungu hilo ndilo lililokatwa zaidi. Watalipwa mshahara kamili wa Juni, siku za likizo ambazo hawakuzitumia zitalipwa pamoja na mshahara huo, michango yao ya ZSSF italipwa mpaka mwezi wa mwisho, na kila mmoja atapewa barua ya uthibitisho wa kazi inayotaja kazi alizozifanya hasa. Kuanzia leo wana ruhusa ya kutoka kwenda kwenye usaili popote bila kukatwa siku. Nawaomba tusiwageuze mada ya barazani. Wao wenyewe wataamua wazungumze nini na nani.

Hakuna mfanyakazi mwengine anayeondoka kwa sababu ya upungufu huu. Tulikuwa 14, kuanzia Julai tutakuwa 12. Nafasi ya afisa takwimu tuliyokusudia kuitangaza haitajazwa.

Mishahara ya msingi haipunguzwi kwa mtu yeyote, lakini hakutakuwa na nyongeza ya mwaka. Michango ya ZSSF inaendelea kama kawaida. Mshahara wa Mei utaingia Alhamisi tarehe 21, kabla ya Iddi. Miezi mengine unabaki tarehe 25. Viwango vya posho ya kulala nje havikubadilika. Hata hivyo safari zenyewe zitapungua, kwa hiyo mtu aliyezoea kwenda Unguja mara mbili kwa mwezi ataliona pengo mfukoni. Najua zipo nyumba zinazoitegemea posho hiyo kwa chakula na ada za watoto. Nalisema sasa ili mtu asije akakopa kwa kutegemea safari ambazo hazitakuwepo.

Hesabu ya milioni 108 ni hii, na mhasibu ana karatasi yenye vipengele vyote kwa anayetaka kuiona. Warsha zilizokuwa zikifanyika katika mahoteli ya Unguja zitafanyika katika ukumbi wetu na katika skuli za shehia husika: milioni 24. Kusimamisha gari moja, mafuta na matengenezo: milioni 22. Mikataba miwili niliyoitaja, pamoja na michango yake: milioni 26. Nafasi ya afisa takwimu: milioni 14 na laki 4. Kufunga ofisi ya Micheweni, kodi ya laki 5 kwa mwezi: milioni 6. Posho ya madaraka ya meneja inafutwa yote, nayo ni laki 5 kwa mwezi: milioni 6. Chanja 40 mpya za kuanikia mwani, kila moja laki 1 na nusu, zinaahirishwa: milioni 6. Safari za boti kwenda Fundo zinapungua kutoka 8 hadi 4 kwa mwezi. Ni safari 48 kwa mwaka, lita 25 kila safari, kwa makadirio ya shilingi 3,000 kwa lita: milioni 3 na laki 6.

Wapo watakaouliza kwa nini milioni 90 za mfadhili wa pili zisitumike kuwabakiza wenzetu. Niliuliza swali hilo mimi kwanza. Mkataba wa fedha zile unataja mikoko peke yake: vitalu vya miche, upandaji na ufuatiliaji. Tukizihamishia kwenye mishahara ya mafunzo, mkaguzi atayakataa matumizi hayo na tutatakiwa kuzirudisha wakati tumeshazitumia. Tutakuwa tumewapoteza wenzetu pamoja na mradi wa mikoko.

Gari inayobaki ni ile nyeupe ya Chake. Gari ya zamani ya Micheweni itaegeshwa tarehe 30 Juni. Itauzwa kwa zabuni Bodi itakaporidhia, na fedha zake hatukuzihesabu mahali popote, kwa sababu bei ya gari ile haijulikani mpaka mtu ailipe.

Kwa gari moja na safari 4 za boti, ratiba ya siku za wiki tuliyoizoea haitafaa tena. Tulikuwa tunakwenda mashambani kila Jumanne na Alhamisi, na mara nyingi tumefika maji yakiwa mafu, kina mama hawapo shambani, tukarudi na petroli imekwisha bure. Kuanzia Julai gari na boti zitafuata bamvua. Kila mwezi una bamvua mbili, ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Kila bamvua itapata safari mbili za Fundo, na gari itakuwa ya mashamba ya Micheweni na Wete katika siku hizo tu. Siku za maji mafu ni za ripoti, mafunzo ya ukumbini na vitalu vya mikoko. Anayehitaji gari aandike kwenye daftari la dereva siku tatu kabla. Maombi mawili yakigongana, lenye wakulima wanaosubiri ndilo linalotangulia, si la mwenye cheo.

Nina wasiwasi na jambo moja katika mpango huu, nalo ni boti. Safari zikiwa chache kila mtu atataka kupanda, na Julai ni kusi tupu. Nahodha ana amri yangu ya kutopakia zaidi ya idadi ya majaketi ya kuokolea yaliyomo, na ya kuahirisha safari upepo ukizidi. Safari iliyoahirishwa kwa sababu ya upepo italipiwa mafuta katika bamvua inayofuata. Haihesabiki kuwa imepotea. Asimshinikize mtu yeyote.

Wenzetu wawili wa Micheweni hawatalazimika kuja Chake kila siku. Watafanya kazi katika shehia zao na kuripoti Chake siku ya Jumatatu. Nauli ya Jumatatu itarejeshwa mwisho wa mwezi. Daladala haitoi risiti, kwa hiyo fomu ya nauli yenye tarehe na saini inatosha. Jalada zote na kompyuta ziletwe Chake kabla ya tarehe 26 Juni ili tumkabidhi mwenye nyumba funguo tarehe 30.

Kwa wakulima hatujapunguza kitu kwenye kamba, taitai na vigingi. Wakikuulizeni, waambieni hivyo, na waambieni pia kwamba chanja mpya hazipo mwaka huu, ili shehia zilizoahidiwa zisikae zikisubiri. Masheha wataandikiwa barua wiki hii.

Yapo ambayo hayajaamuliwa. Mfadhili wa pili atatoa uamuzi wa mwaka unaofuata mwezi Oktoba. Mapato yetu wenyewe yakishuka chini ya milioni 36, bajeti hii haitoshi, na Januari 2027 Bodi itaipitia upya. Siwezi kuahidi kwamba baada ya hapo hakutakuwa na mabadiliko mengine. Ninaloahidi ni kwamba mhasibu atabandika hali ya fedha ubaoni kila tarehe 5 ya mwezi, na kwamba uamuzi wowote unaomgusa mtu ataambiwa mwenyewe kwanza.

Baadhi yenu mliniuliza wiki iliyopita nikakujibuni "tutaona". Halikuwa jibu, na nakuombeni radhi kwa hilo.

Mkutano wa wote utakuwa Jumatano tarehe 13 Mei, saa 3 asubuhi, ukumbi wa Chake. Gari itaondoka Micheweni saa 1 na nusu. Asiyependa kuuliza mbele ya watu ampe swali lake mwakilishi wa wafanyakazi kabla ya kesho saa 9 alasiri. Litasomwa bila jina. Kwa mambo ya mtu binafsi nitakuwa ofisini Alhamisi na Ijumaa mpaka saa 5, mlango wazi. Mwenye kuona hakutendewa haki katika mkataba wake ana haki ya kulifikisha suala lake Kamisheni ya Kazi, na kufanya hivyo hakutamdhuru hapa kazini.

Wabillahi tawfiq.

Meneja

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi; Mwakilishi wa wafanyakazi; Ubao wa matangazo, Chake Chake na Micheweni