Saba Yenye Mkato

Paa la ofisi ya uhasibu lilivuja tangu mvua za Aprili zianze, na kila mtu hotelini alilijua hilo isipokuwa yule aliyeweka katoni ya ankara chini ya tundu lenyewe.

Nekesa aliikuta saa sita na nusu usiku, alipoingia kuchukua karatasi za mwezi aziingize kwenye kompyuta. Kazi hiyo haikuwa yake. Mhasibu wa mchana alikuwa ameenda likizo ya uzazi, na meneja akaona karani wa usiku, ambaye kazi yake ni kupokea abiria waliochoka na safari ya Kisumu au Eldoret, kufunga hesabu ya siku na kupigana na usingizi, anaweza kuongezewa na hiyo. Mshahara haukuongezwa. Mambo mengine huongezwa peke yake.

Karatasi za chini zilikuwa zimelowa chepechepe. Akazibandua moja moja kwa ncha za kucha, akazitandaza juu ya kaunta ya mapokezi. Kaunta ilipojaa akahamia meza za chumba cha kulia. Kufika saa saba na nusu, ankara za miezi mitatu zilikuwa zimelala chali kila mahali, feni ikizipepea.

Mhasibu hakuwahi kuziona hivyo. Yeye alizipokea kila moja kwa siku yake, akaigonga muhuri, akaiingiza, akaifungia. Viazi Jumatatu, samaki Jumatano, sabuni wiki iliyofuata. Zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, ni habari nyingine.

Kwanza Nekesa aliona saba. Ankara ya viazi kutoka Mau Narok ilikuwa na saba yenye mkato tumboni na mkia uliopinda kushoto. Ya samaki, ambayo muhuri wake ulisema Kisumu, ilikuwa na saba hiyo hiyo. Ya makaa pia. Halafu akaona nne zilizoachwa wazi juu, na ile /= baada ya kila kiasi, mistari yake miwili ikiwa imeunganishwa kwa haraka ikafanana na herufi z. Neno Nakuru lilikuwa na k ndefu yenye kitanzi, kama ya watoto wanaojifunza kuunga herufi. Wino ni ule ule wa bluu ya zambarau, na ulipolowa ulitawanyika kwa namna moja kwenye karatasi zote zilizolowa.

Akavuta kiti. Akazitenga tano za mwezi ule:

Viazi, magunia 12 kwa 3,900: 46,800/=
Samaki, kilo 97 kwa 500: 48,500/=
Makaa, magunia 21 kwa 2,250: 47,250/=
Sabuni ya maji, madumu 41 kwa 1,200: 49,200/=
Ukarabati wa mabomba, ghorofa ya pili: 45,900/=

Jumla 237,650. Wauzaji watano, mihuri mitano, miji tofauti, na mkono mmoja.

"Otieno," aliita. "Njoo uone kitu."

Askari alikuja na tochi yake ingawa taa zilikuwa zinawaka. Aliinama juu ya kaunta, akasoma polepole, akacheka.

"Sasa hapo kuna ajabu gani, madam? Kule Soko la Wakulima kuna kijana huwaandikia akina mama. Unampa shilingi ishirini, anakuandikia mpaka barua ya mahari. Wengi hawapendi kuandika wenyewe, wanaogopa kukosea."

Lilikuwa jibu zuri, na Nekesa alilipokea kwa mikono miwili. Mamake alikuwa akiuza mahindi Webuye na mtu mwingine ndiye aliyemwandikia. Aliamua hata kuchemsha chai. Maji yakiwa bado hayajatokota, akauliza:

"Na fundi wa mabomba? Na mwenye sabuni, ambaye muhuri wake unasema Industrial Area? Hao pia hupitia sokoni kuandikiwa?"

Otieno alikuna kidevu. "Hapo sasa," alisema, akarudi getini.

Chai ilisahaulika. Nekesa alirudi kwenye namba za ankara, zile ndogo nyekundu za juu kulia zinazokuja zimechapwa kitabuni. Fundi wa mabomba: Februari 0011, Machi 0012, Aprili 0013. Mwenye makaa: 0026, 0027, 0028. Mwenye samaki vivyo hivyo. Yaani kwa miezi mitatu fundi huyo hakuwa amekarabati bomba la mtu mwingine yeyote duniani. Na hakuna kiasi hata kimoja kilichogusa 50,000.

Hiyo elfu hamsini kila mfanyakazi aliijua. Mzee mwenye hoteli alipofariki aliwaachia watoto wake wawili, na kwa kuwa hawakuwa wakiaminiana sana, wakili aliwawekea sharti: chochote cha 50,000 kwenda juu, kisainiwe na wote wawili. Kaka anaishi hapa Nakuru, Milimani, na ndiye anayeitwa mkurugenzi. Dada ana duka la dawa Kisumu, huja mara chache, akija hukagua hata vijiko. Chini ya elfu hamsini, sahihi ya kaka inatosha. Mhasibu aliwahi kulalamika kwamba tangu Januari 2024 watu wa kodi, KRA, wanataka gharama ziwe na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, na hizi za mkono hazina. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemjibu: hao ni watu wadogo, tuwavumilie.

Saa kumi alfajiri mpishi aliingia kukanda unga wa mandazi. Nekesa alimfuata jikoni.

"Baba Njeri, mwezi huu tumetumia magunia mangapi ya makaa?"

"Makaa?" Mpishi alimtazama kana kwamba ameulizwa bei ya ngamia. "Si tuko kwa gesi tangu mwaka jana? Makaa ni ya nyama choma, Jumamosi. Magunia mawili. Mwezi wa sherehe, matatu."

"Si ishirini na moja?"

"Ishirini na moja ningekuwa nachoma hoteli yenyewe."

Alirudi mapokezi na kumkuta mgeni wa chumba namba 27 amesimama kaunta, miwani puani, koti juu ya pajama. Wote walimwita Mwalimu. Mzee mpole, mstaafu kutoka Njoro, ambaye huja kila mwisho wa mwezi akalala usiku mmoja. Kwenye kompyuta jina lake lina maelezo ya kudumu: mgeni wa mkurugenzi, asitozwe. Huwa anamuuliza Nekesa kama watu wa Webuye wamevuna.

"Usingizi umenikimbia, binti yangu. Kuna chai?"

"Iko, Mwalimu. Saini tu hapa, ya chumba."

Alimsukumia kile kikaratasi cha oda. Mzee alichomoa kalamu yake mwenyewe mfukoni mwa koti. Akaandika 2. Kisha akaandika 7, akaikata tumbo, akaupinda mkia kushoto. Kwenye sehemu ya bei akaandika 100, na baada yake mistari miwili iliyoungana kama herufi z. Bluu ya zambarau.

Nekesa hakusema kitu. Mzee naye aliinua macho kurudisha kikaratasi, na hapo ndipo alipoona kilichotandazwa kaunta nzima. Alitazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila haraka, kama mtu anayesahihisha daftari.

"Zimelowa zote?" aliuliza.

"Za chini tu."

"Za chini ndizo za Februari." Alipokwisha kutamka akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya pajama. "Nilimfundisha darasa la nne. Yeye na dadake. Alikuja akaniambia ana wauzaji wasiojua kuandika, nimsaidie. Mimi pensheni yangu unaijua." Nekesa hakuijua, ila aliwajua walimu wastaafu. "Mwezi wa kwanza niliamini."

"Na wa pili?"

"Wa pili alinipa na mihuri niigonge mwenyewe."

Chai ilikuja. Mwalimu aliketi kwenye sofa ya wageni, akakishika kikombe kwa mikono miwili, hakuomba asisemwe wala hakuondoka. Nekesa angependelea afanye mojawapo.

Saa kumi na moja na nusu ilikuwa saa ya kufunga siku. Kompyuta huuliza maswali yake yale yale: vyumba vilivyolaliwa, pesa taslimu, M-Pesa, madeni. Mwisho kuna nafasi ya maelezo ya karani, ambayo kwa kawaida Nekesa huandika "Hakuna", au "Balbu ya korido imeungua". Ukibonyeza kufunga, ripoti huenda kwa barua pepe kwa wakurugenzi wote wawili kwa pamoja. Dada ndiye aliyesisitiza iwe hivyo, na kaka hakujali, kwa sababu nani husoma maelezo ya karani wa usiku?

Alikuwa na njia nyingine. Kumpigia mkurugenzi, "bosi, kuna tatizo dogo la karatasi", na kungoja aambiwe afanye nini. Mkurugenzi angemshukuru sana. Angemuuliza kwanza kama ameshamwambia mtu. Kodi ya chumba chake kule Kaptembwo ilikuwa inadaiwa wiki ijayo, na kazi za kuandikwa Nakuru zina foleni kuliko kituo cha abiria.

Akaandika:

"Ankara tano za Aprili (viazi, samaki, makaa, sabuni, mabomba), jumla 237,650, zina mwandiko mmoja. Namba zake zinafuatana tangu Februari bila kuruka. Jikoni wametumia magunia mawili au matatu ya makaa, ankara inasema 21. Sijaziingiza. Karatasi za chini ya katoni zimelowa kwa sababu ya paa; nimezianika zote na kuzipiga picha."

Akaisoma tena. Akafuta "mawili au matatu", akaenda jikoni kumuuliza mpishi tena, akarudi akaandika "mawili". Picha akazijitumia kwenye simu yake, kisha za asili akazifungia kwenye kasha la pesa ambalo funguo zake huwa kwake hadi saa moja. Jina la Mwalimu hakulitaja. Hilo halikuwa kwenye karatasi, na yeye aliandika yaliyo kwenye karatasi.

Akabonyeza.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano simu ya kaunta ililia. Nekesa alitazama namba: eneo la Kisumu. Mtu huyo huamka mapema kuliko alivyodhani.

"Ni wewe uliyeandika haya?" Sauti ya mama haikuwa na usingizi hata chembe. "Basi nisomee. Anza na ya mabomba, kwa sababu ghorofa ya pili mabomba niliyabadilisha mimi na pesa zangu. Polepole."

Nekesa alisoma kutoka kwenye picha: tarehe, namba, kiasi. Upande wa pili kalamu ilisikika ikikwaruza.

"Huo mwandiko ukoje? Nieleze."

"Saba ina mkato, mama. Mkia umepinda kushoto. Nne ziko wazi juu. K ina kitanzi."

Kalamu ilisimama. Kwenye sofa, Mwalimu alikuwa ameweka kikombe chini na kuvaa miwani yake.

"Huyo mtu yuko hapo?" mama aliuliza.

"Yuko hapa, mama."

"Mpe simu."