YAH: OMBI LA KUFUNGULIWA AKAUNTI YA MUUZAJI NA. 4071826

Kwa Kitengo cha Rufaa za Wauzaji,

Akaunti iliyotajwa hapo juu, ya duka langu la vipuri vya cherehani, ilifungwa tarehe 11 Machi, saa 3:40 usiku. Sababu mliyoandika ni "kuhusiana na akaunti iliyofungiwa". Rufaa niliyotuma kesho yake kupitia app ilijibiwa baada ya dakika 2, kwa maneno yaleyale. Kwa mwendo huo sidhani kama viambatisho vilifunguliwa. Naomba safari hii visomwe na mtu.

Sina akaunti nyingine na sijawahi kuwa nayo. Ninavyoona, kilichoniunganisha na akaunti iliyofungiwa ni intaneti. Maduka 9 ya jengo letu yanatumia ruta moja, hivyo simu zetu zote zinaonekana kwenu kwa anwani moja ya IP. Jirani yangu, muuza viatu, alifungiwa akaunti yake Februari. Mimi nilijiunga na ruta hiyo tarehe 5 Machi. Miezi 14 ya nyuma nilikuwa naingia kwa bando la laini yangu, na kumbukumbu zenu za kuingia zitaonyesha hivyo. Tangu tarehe 12 nimerudi kwenye laini yangu.

Linganisheni pia namba ya kitambulisho, namba ya simu, akaunti ya benki inayopokea malipo na simu ninayoingilia. Vikitofautiana vyote vinne, tunachochangia mimi na jirani ni ukuta tu.

Nimeambatisha leseni ya biashara, taarifa ya benki ya miezi 3, ankara za msambazaji na picha ya skrini ya taarifa yenu. Picha ya kitambulisho niliyotuma mwanzo ilikatika pembe ya chini; hii mpya inaonyesha pembe zote 4.

Lenye haraka ni oda 6 zilizolipiwa. Nimeshazifungasha, ila akaunti ikiwa imefungwa siwezi kuchapisha lebo, na muda wa kutuma ukipita mfumo utazifuta na kunihesabia ucheleweshaji. Naomba muda huo usimamishwe leo, hata kabla rufaa haijaamuliwa. Naomba pia malipo ya oda 17 zilizokwisha kupokelewa, ambazo muda wake wa kurudisha bidhaa umepita.

Akaunti irudi na bidhaa zake 112 pamoja na maoni ya wateja. Kufungua mpya siwezi, maana hapo ndipo nitakuwa nimevunja kweli kanuni ninayotuhumiwa nayo.

Mkikataa, nitajieni kifungu kilichovunjwa na aina ya ushahidi mliotumia. Taarifa za jirani sizihitaji. Napatikana kwa namba iliyosajiliwa kwenye akaunti, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni.

Wenu katika biashara,

Mmiliki wa duka, akaunti Na. 4071826
14 Machi